Zabuni ya Kukata Cheni Moja

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Wilaya ya Kilosa, walio na pikipiki na wasio na hata baiskeli, ya kwamba siku ya Alhamisi, saa nne kamili asubuhi, katika uwanja wa Mradi wa Visima, Mikumi, mbele ya Kamati, mgeni rasmi na umma kwa jumla, itakatwa cheni moja (1).

Hivyo ndivyo lilivyosomeka tangazo, likiwa na mihuri miwili, mmoja juu ya mwingine, kana kwamba wa kwanza ulikuwa na aibu. Chini yake yalifuata masharti. Mwombaji awe raia, awe na akili timamu, asiwe amewahi kufilisika. Atakayeshinda atapewa kazi ya kutengeneza pikipiki zote sita za mradi, pamoja na banda la kufanyia kazi hiyo, lenye bati juu na sakafu ya saruji chini.

Nikolaus alilisoma akiwa amesimama mlangoni pa posta ya Kilosa, miwani ikiwa imefungwa uzi upande mmoja. Uraia alikuwa nao. Kufilisika hajafilisika, maana hajawahi kuwa na cha kufilisika nacho. Kwenye akili timamu alisita kidogo, akaona hilo aliache kwa Kamati. Kisha akarudi kwenye ule mstari wa mwisho, akausoma tena polepole kama mtu anayelamba asali kwenye kisu. Bati juu. Saruji chini.

Ili mtu aelewe kwa nini mzee wa miaka hamsini na mitatu anaweza kushikwa na kwikwi kwa ajili ya sakafu, inabidi ajue gereji ya Nikolaus ilikuwa wapi. Ilikuwa ubavuni mwa tuta la reli, chini ya turubai lililokuwa na matundu mengi kuliko turubai. Kiangazi mambo yalikwenda. Masika, Mto Mkondoa ulikuwa unakuja kumsalimia bila kupiga hodi. Mwaka juzi uliondoka na sanduku la spana na tangi la pikipiki ya katekista, na hilo tangi lilionekana tena likiwa chombo cha kunyweshea bata, mwendo wa nusu siku kutoka hapo, na bata walikuwa wamelizoea hata haikufaa kuwanyang'anya.

Babu yake alitoka Songea kuja kukata mkonge. Baba yake alilaza mataruma ya reli. Yeye mwenyewe alikaa karakana ya reli miaka kumi na tisa akiwa fundi wa mitambo, mpaka ilipofika miaka ya ruksa, kila kitu kikaruhusiwa, ikiwemo kuwapunguza watu kazini. Akapewa cheti chenye maua pembeni na kupewa mkono na mtu asiyemjua. Toka karakanani aliondoka na vitu viwili tu: tabia ya kutofanya jambo kabla ya kulichora kwa chaki, na kopo la ugoro ambalo halikuwa na ugoro. Ndani yake alitunza vipande vya biti za keekee zilizovunjika. Mkewe, Consolata, alikuwa amemwuliza mara nyingi vipande hivyo ni vya nini. Nikolaus alikuwa akijibu kwamba bado hajajua.

"Nenda," Consolata alimwambia Jumatano ile, akimfungia viazi kwenye kitambaa. "Lakini zimebaki wiki tatu masika yaingie. Usiniletee maneno. Niletee ufunguo."

Akapanda lori la vitunguu, akateremka Mikumi jioni, akalala kwa binamu wa Consolata anayeuza chai stendi.

Asubuhi uwanja wa mradi ulikuwa umepambwa kama bibi harusi. Mawe yote ya pembeni yalipakwa chokaa. Miti ilipakwa chokaa hadi usawa wa kiuno. Mbwa mmoja aliyelala karibu na mti usiku huo naye alikuwa na chokaa ubavuni. Haya yote yalikuwa kazi ya Bwana Cornel, ofisa wa mradi na mwenyekiti wa Kamati, mtu aliyeamini kwamba nchi inaweza kuendelea ikipakwa vizuri. Zamani, wakati wa siasa ile nyingine, cheni ikishika kutu fundi aliitwa akaambiwa njoo ukate, akaja akakata. Bwana Cornel alikuwa amehudhuria semina. Huko alifundishwa kwamba jambo lisiloshindaniwa haliwezi kuwa jambo.

Na katikati ya uwanja, juu ya kreti mbili za soda, ilisimama pikipiki yenyewe. Ilikuwa imekaa stoo misimu miwili ya mvua, upande ule ambao stoo haikuwa na ukuta. Lakini hapo ilimeta. Tangi lilipakwa rangi ya kijani. Rimu zilipakwa rangi ya fedha. Na kwa kuwa mpakaji aliambiwa asiache mahali, cheni nayo ilikuwa imepakwa rangi ya mafuta, ya fedha, mikono miwili, toka meno ya mbele hadi ya nyuma.

Nikolaus aliiangalia kwa muda mrefu.

Mpinzani wake alikuwa ameshafika. Bryson, kijana wa miaka ishirini na sita, naye wa Kilosa, gereji yake ilikuwa sokoni na ina kibao kilichoandikwa Hospitali ya Kimataifa ya Pikipiki. Hakuwa kijana mbaya. Alikuwa na mikono yenye nguvu na imani kwamba kila kitu duniani ama kinafunguka kwa nyundo au bado hakijagongwa vya kutosha.

"Shikamoo Mzee Niko."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, mzee wangu. Umekuja kushindana au kuangalia?" Akacheka na wale waliokuwa karibu. "Maana hii ni saa moja tu. Wewe ndani ya saa moja si ndiyo kwanza unatafuta miwani?"

Nikolaus alikiri kwamba hilo limewahi kutokea.

Mgeni rasmi alichelewa, kama ilivyo kazi ya mgeni rasmi, na alipofika alikalishwa kwenye kiti chenye kitambaa. Kando yake waliketi wajumbe wa Kamati. Kati yao alikuwamo Koinet, mzee wa Kimaasai aliyewakilisha wafugaji, fimbo mapajani. Huyu hakuja kwa ajili ya sherehe. Pampu ya kisima cha huko kwao ilikuwa imekufa mwezi mzima, na mtu wa pampu alikuwa hana usafiri, kwa sababu usafiri wake ndio huu uliopakwa rangi ukawekwa juu ya kreti. Alikuwa amewaambia mara mbili kwamba ng'ombe wake hawajui kusubiri zabuni.

Bwana Cornel akasoma masharti. Kila fundi ana saa moja. Cheni hii haina kufuli la kufungua kwa bisibisi; imeunganishwa kwa kiungo cha ribiti, yaani pini zake zimepondwa vichwa kiwandani zisirudi nyuma. Basi itakatwa kwa kifaa maalumu, kikatio cha cheni, kilicholetwa kutoka Dar es Salaam pamoja na cheni mpya. Akakinyanyua wote wakione: kitaya cha chuma chenye ukubwa wa ngumi, kinachoikumbatia cheni, na nyuma yake bolti yenye sindano nene ya chuma mbele. Ukikaza bolti, sindano inaisukuma pini ya cheni itoke upande wa pili. Kilikuja na kitabu cha maelezo, ambacho Bwana Cornel alikipongeza kwa picha zake, maana lugha yake hakuna aliyeitambua.

Wakapiga kura kwa vizibo vya soda. Bryson akatangulia.

Hakupoteza muda, na umati ulimpenda kwa hilo. Akachuchumaa, akachagua kiungo kilichokuwa karibu na mkono wake, akakiingiza ndani ya kitaya, akakaza kwa vidole, akachukua spana, akaanza. Alikaza. Akakaza tena. Akapandisha shati. Bolti ikalia kama mlango wa kaburi la tajiri. Watu wakamhimiza. Nikolaus, aliyekuwa amesimama nyuma, aliona kitu ambacho wengine hawakukiona: sindano haikuwa imekaa katikati ya pini. Isingeweza kukaa, kwa kuwa kwenye kile kidonge cha rangi hapakuwa na pini ya kuonekana. Pini ilikuwa huko ndani, kichwa kimepondwa na bado kimo, kutu imeishika pande zote, na Bryson alikuwa anaisukuma kwa ubavu.

Kraa.

Bryson akatabasamu, akainua mikono. Kisha kipande cha chuma kikadondoka kwenye kreti, kikalia ting. Hakikuwa cha cheni. Ilikuwa ni sindano ya kikatio, imevunjika shingoni.

Dakika tisa zilikuwa zimepita. Mbwa mwenye chokaa akapiga miayo.

Bryson hakuwa mtu wa kufa haraka. Akaomba nyundo na tindo. Akasema kifaa kilikuwa feki, kwamba yeye cheni kama hizi anazikata sokoni kila wiki kwa mapigo matatu, na kama Kamati itamruhusu atawaonyesha. Bwana Cornel akamwangalia mgeni rasmi, mgeni rasmi akaiangalia saa, na harufu ya pilau ilikuwa imeanza kutoka nyuma ya ofisi. Ikaonekana Bryson ataruhusiwa. Tayari alikuwa ameshaegemeza kiungo kwenye meno ya mbele, pale penye ugumu wa kugongea, na tindo limekaa.

Hapo Nikolaus alipata muda mfupi wa kuwaza, na hakuwaza vizuri. Kama Bryson atagonga hapo, hatashinda. Anayemfuata atapewa ushindi bila jasho. Bati juu, saruji chini. Alichotakiwa kufanya ni kufunga mdomo, kazi ambayo alikuwa na kipaji nayo toka utotoni. Lakini macho yake yakakutana na ya Koinet, ambaye hakuwa akiangalia nyundo wala tindo. Alikuwa anaiangalia pikipiki kama mtu anavyoangalia mbuzi wake mkononi mwa daktari mlevi.

"Ukigonga hapo," Nikolaus alisema, "kishindo hakibaki kwenye cheni. Kinapita kwenye shafti, kinaingia giaboksi. Lile ganda ni la aluminiamu. Likipasuka, hapa hakuna pikipiki tena, kuna kiti."

Bwana Cornel akamwuliza Bryson kama anaweza kuhakikisha kwamba halitapasuka. Bryson akaiangalia nyundo. Ni lazima asifiwe kwa hili: aliweza kujitutumua mbele ya watu mia mbili, lakini mbele ya injini hakuweza kusema uongo. Akaiweka chini.

Basi kukawa na kikao palepale. Bwana Cornel akanong'ona na wajumbe, akasimama, akatangaza kwa huzuni ya kiofisi kwamba kwa kuwa kifaa kimeharibika kabla ya mshindani wa pili, usawa wa ushindani umevunjika. Kwa hiyo zabuni inafutwa, na itatangazwa upya baada ya miezi mitatu, mara sindano nyingine itakapoagizwa.

Miezi mitatu. Nikolaus alifanya hesabu ya mto, si ya kalenda. Masika yatakuja, Mkondoa utapanda, na safari hii hakuna tangi la kuchukua, utachukua turubai. Akahisi kopo la ugoro likimgusa paja.

"Mwenyekiti," alisema, "saa yangu moja mmeshainywa?"

Bwana Cornel akasema bado, ila kifaa hakipo.

"Kifaa kipo. Kilichovunjika ni sindano."

Akalifungua kopo. Akamwaga kiganjani vile vipande vya biti za keekee, watu wakasogea kama kwenye mazingaombwe, akadondosha kisiki cha sindano kilichobaki, akavipima kimoja kimoja kwenye tundu la bolti. Cha tatu kiliingia kikakaa bila kucheza. Kilikuwa mkia wa biti iliyovunjika zamani, mnyoofu, chuma kigumu, mwembamba kidogo kuliko pini ya cheni, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, maana ukiwa mnene utakwama kwenye bamba la ubavu wa kiungo. Akausugua ncha kwenye jiwe la kunolea mpaka ikawa bapa kama sarafu. Miaka sita alikuwa ameulizwa vipande hivyo ni vya nini. Alitamani Consolata angekuwapo, kisha akafurahi hayupo.

Saa ikaanza kuhesabiwa. Na Nikolaus, mbele ya mgeni rasmi, akaomba petroli na tambara, akaanza kufuta rangi.

Manung'uniko yalianza dakika ya tano. Alikuwa akisogeza gurudumu kwa jasho, shubiri kwa shubiri, maana cheni ilikuwa ngumu kama fimbo, na kila kiungo akikifuta, akikitazama, akikiacha. Bwana Cornel alimwinamia na kumkumbusha kwa upole kwamba rangi hiyo ilipakwa kwa ajili ya mgeni. Nikolaus alimwambia ameiona.

Dakika ya kumi na mbili akakipata. Vichwa viwili vya pini vilivyofunguka kama viuyoga, tofauti na wenzao wote: kiungo cha ribiti. Akakizungushia duara la chaki. Akakivuta hadi nyuma, karibu na meno makubwa, mahali ambapo kitaya kingeweza kukaa. Akalegeza nati ya ekseli ili cheni isiwe imevutwa. Akakimwagia kiungo dizeli, pini zote mbili, mbele na nyuma.

Halafu akakaa kwenye jiwe lililopakwa chokaa, akafungua kitambaa, akala kiazi.

Hapo umma ulikasirika. Mtu mmoja akasema mzee amekuja kula. Bryson mwenyewe akasogea akamwuliza kwa sauti ya chini, bila dhihaka safari hii, ni nini anachosubiri.

"Dizeli," Nikolaus alisema. "Inatembea polepole, lakini inafika. Kaa ule."

Bryson akakaa, akala. Koinet alimwambia jirani yake kwamba huyu mzee amewahi kuchunga, hata kama mwenyewe hajui.

Dakika ya thelathini na tano Nikolaus akasimama na tupa. Akakwangua vichwa vya pini taratibu, kile cha kwanza, kisha cha pili, mpaka vikawa sawasawa na bamba na duara jembamba la pini likaonekana wazi ndani ya chuma, kama mwezi mchana. Hii ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Yaliyobaki yalikuwa ni kukaza. Akafunga kitaya, akaleta sindano kwa vidole mpaka ikabusu pini katikati kabisa, akapiga goti kuikagua kwa upande, akairudisha nyuma, akaileta tena. Kisha akapandisha macho.

"Bryson. Njoo ushike."

Kwa sababu ukikaza bolti, kitaya chote hutaka kuzunguka nayo, na mikono ya miaka hamsini na mitatu ni miwili tu. Bryson akakishika kitaya kwa spana kubwa, akajikita. Nikolaus akakaza robo mzunguko, akasubiri. Robo nyingine, akasubiri. Umati ukasahau pilau. Bolti ikaanza kulia kama ile ya kwanza, na Bryson akafumba macho, maana sauti hiyo alikuwa anaijua inakoishia.

Tak.

Ilikuwa sauti ndogo, kama mtu anayevunja ukucha. Wote wakatazama kreti kuona ni nini kilichodondoka. Hakuna kilichodondoka. Pini ilikuwa imetoka upana wa punje ya mchele upande wa pili.

Nikolaus hakuitoa yote. Alilegeza, akahamia pini ya pili ya bamba lilelile, akaisogeza kiasi hichohicho, kwa kuwa ukiitoa moja peke yake bamba linapinda na kung'ang'ania ile nyingine. Akarudi kwenye ya kwanza. Akaenda kwenye ya pili. Mara ya tatu bamba likaachia lenyewe, akalipokea kiganjani, akakivuta kiungo kwa upande mwingine na pini zake mbili kama anang'oa meno ya mtoto. Cheni ikafunguka.

Watu wakapiga makofi, lakini yeye hakuwa amemaliza, na aliona hatari ya makofi. Akamzuia Bryson aliyetaka kuichomoa yote. Akafunga mwanzo wa cheni mpya kwenye mwisho wa cheni ya zamani kwa waya, akaivuta ile ya zamani taratibu, nayo ikaiburuta mpya ikapita juu ya meno ya mbele bila mtu kufungua kifuniko. Cheni mpya ilikuwa na kufuli. Akalipachika, mgongo wake ukiangalia mwendo na mdomo ukiangalia nyuma, ili lisije likajifungua njiani. Akazungusha gurudumu kwa kidole kimoja. Likazunguka na kuendelea kuzunguka, likilia tikitikitiki, na Koinet akasimama, akachukua fimbo yake, akamwita mtu wa pampu waondoke.

Zilikuwa zimebaki dakika mbili. Nikolaus hakujua, hakuwa na saa.

Ufunguo wa banda ulikuwa kwenye sahani, juu ya ua la plastiki. Alipewa na mgeni rasmi, akautia mfukoni upande usio na tundu, akauhakikisha kwa nje kwa kiganja. Akamwuliza Bryson kama ile Hospitali ya Kimataifa inaweza kukaa bila daktari siku mbili kwa wiki, kwa sababu pikipiki sita ni nyingi na kitaya kinahitaji mtu wa kushika. Bryson akasema atafikiria, kwa haraka iliyoonyesha ameshafikiri.

Ndipo Bwana Cornel akachukua kipaza sauti. Akasema leo, ndugu wananchi, tumeshuhudia matunda ya ushindani. Tumeona jinsi soko linavyoibua vipaji. Tumeona uwazi, tumeona uwajibikaji, tumeona ufanisi. Akasema kilichokatwa hapa si cheni, bali ni minyororo ya fikra za zamani. Akasema hivyo vyote kwa robo saa, jasho likimtoka, na mwisho akamsogezea Nikolaus kipaza sauti, akamwomba mshindi awaachie wananchi wa Mikumi, Kilosa na taifa zima neno moja la hekima: ni nini hasa siri ya ushindi wake, na ni somo gani Kamati iondoke nalo.

Nikolaus aliitazama mikono yake, iliyokuwa na rangi ya fedha mpaka viwikoni.

"Msipake cheni rangi."